Ulipotumia fedha za ubia kimyakimya: jinsi ya kurudisha imani ya mwenzako

Ugomvi wa wabia wawili mara nyingi huvaa sura ya fedha, ila ukiuchimba unakuta kilichouma ni kingine: mmoja aliamua jambo la wawili peke yake, kisha akanyamaza. Mwongozo huu unahusu kisa cha namna hiyo, na umeandikwa kwa ajili ya yule aliyeamua. Aliyekosewa naye ana yake ya kufikiria, lakini si yeye anayepaswa kuanza.

Tuchukue ubia wa watu wawili waliogawana nusu kwa nusu. Wewe unashughulika na wasambazaji na mauzo. Mwenzako anashika vitabu vya hesabu na mishahara. Kila mmoja anaweza kutoa fedha benki kwa saini yake peke yake, kwa sababu mlipoanza mliona kusubiriana kunachelewesha kazi. Siku moja msambazaji anakupigia simu: ukilipa leo amana ya asilimia 30, anakupunguzia bei ya oda nzima kwa asilimia 12. Unalipa. Katika kila sehemu 100 za fedha zilizokuwa kwenye akaunti, 38 zimeondoka. Siku hiyo humwambii mwenzako kwa sababu unajua atakataa. Siku zinazofuata humwambii kwa sababu unangoja mzigo ufike, aone mwenyewe ulivyocheza vizuri. Mzigo unachelewa. Siku ya mishahara mwenzako anafungua akaunti na kukuta pengo, na wafanyakazi wanalipwa siku nne baadaye. Anakuita mwizi mbele yao. Wewe unajibu kwa kubadili nenosiri la mfumo wa mauzo. Tangu hapo mnaandikiana mstari mmoja mmoja, tena kuhusu kazi tu.

Hatua ya 1: Zuia jambo lisizidi kuharibika

Kabla ya kuomba radhi, rudisha nenosiri. Lirudishe leo, bila sharti na bila kueleza kwa nini ulilibadili. Msamaha unaoombwa huku mlango ungali umefungwa haumfikii mtu. Kisha usitoe malipo mengine kwa oda ile mpaka mwenzako aridhie, hata kama msambazaji anakusumbua. Mwambie msambazaji kwamba malipo yajayo yanahitaji idhini ya wawili. Wala usihamishe fedha kwenda popote, hata kwa nia njema ya kuzirudisha. Kila fedha inayosogea sasa hivi, yeye ataisoma kama hila.

Hofu ya mwenzako ina msingi. Katika ubia wa kawaida, chini ya Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890 na sheria nyingi zilizofuata mfano wake, kila mbia ni wakala wa biashara. Ukisaini oda ya kawaida ya biashara yenu, imesainiwa na wote wawili, na deni likibaki mnadaiwa wote, hadi mali zenu binafsi. Kwa hiyo mwenzako akiwa amelala macho, hawazi tu kilichotoka kwenye akaunti. Anajiuliza ni kitu gani kingine umekisaini asichokijua. Kampuni yenye dhima ya kikomo hupunguza hatari hiyo, ingawa swali lenyewe hubaki palepale.

Katika siku hizi usikusanye kambi. Wafanyakazi, ndugu na wateja wataombwa wachague upande, na watakaochagua wako ndio watakaofanya mwenzako asirudi. Mtu mmoja wa nje wa kukusikiliza anatosha, mradi hana maslahi kwenye biashara.

Kama barua za mawakili zimeshaanza kutembea, zungumza na wakili wako kabla hujaandika neno lolote la kukiri. Ziko sehemu zenye sheria inayozuia kuomba radhi kutumiwe kama ushahidi wa hatia katika madai. Jimbo la British Columbia nchini Kanada lilipitisha yake mwaka 2006. Sehemu nyingine hazina kinga hiyo, na ulichoandika kinaweza kusomwa mahakamani.

Hatua ya 2: Andika kilichotokea, kisha utafute sehemu yako

Chukua taarifa ya benki, ankara ya msambazaji na ujumbe mliotumiana, uandike tarehe baada ya tarehe. Usitegemee kumbukumbu, baada ya ugomvi kila mtu hukumbuka kwa faida yake. Kwenye kila tarehe andika mambo matatu tu: nilifanya nini, nilijua nini wakati huo, na mwenzangu alikuwa anajua nini.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuonyesha ukweli. Utakuta kuna makosa matatu yaliyokaa pamoja yakaonekana kama moja. La kwanza ni uamuzi wenyewe wa kununua. Huenda haukuwa mbaya. Punguzo la asilimia 12 si haba. La pili ni kumruka mwenzako. La tatu ni kunyamaza, na kunyamaza hakukuwa tukio moja. Kama siku kumi zilipita tangu ulipe hadi agundue, uliamua kunyamaza mara kumi. Wabia wengi huja kikaoni wamejiandaa kutetea lile la kwanza, kwa kuwa ndilo lenye hoja, na mazungumzo yote yanageuka mjadala wa bei ya mzigo. Mwenzako hakuja kuzungumzia bei.

Sasa tafuta jambo moja zaidi, na ulitafute kwa ukali: je, kuna mahali uliposema uongo? Pengine katikati ya siku hizo alikuuliza, "Akaunti iko sawa kwa mishahara?" nawe ukajibu, "Iko sawa." Maneno mawili hayo yana uzito kuliko amana yote. Mwaka 2006 watafiti watatu, Maurice Schweitzer, John Hershey na Eric Bradlow, walichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu walicheza mchezo wa kukabidhiana fedha. Aliyevunjiwa imani kwa matendo tu aliweza kurudi kumwamini mwenzake baada ya kuona mfululizo wa matendo mema. Lakini pale ambapo kuvunjwa imani kuliambatana na udanganyifu, imani haikurudi kikamilifu, hata kwa ahadi, radhi na matendo mema. Mchezo wa maabara si biashara yenu, ila tofauti hiyo inakwambia pa kuweka nguvu. Kama uongo upo, lazima utoke kinywani mwako, tena safari hii, na utoke wote. Akigundua kipande cha pili mwenyewe mwezi ujao, hutakuwa na kikao kingine.

Kuhusu makosa yake, yaandike kwenye karatasi nyingine na uiache nyumbani. Kukuita mwizi mbele ya watu ni kosa la kweli na litapata nafasi yake, lakini si siku ile ile. Ukilileta mapema, kukiri kwako kutakuwa mwanzo wa mnada wa makosa.

Hatua ya 3: Omba kikao

Ujumbe uwe mfupi, useme kikao ni cha nini, na umwachie yeye kuchagua siku. Usimalizie radhi yote humo. Maandishi hayana sauti, na yeye atayasoma kwa sauti aliyonayo kichwani kuhusu wewe. Kitu kama hiki kinatosha:

"Mwenzangu, nilitoa amana ya ile oda bila kukushirikisha na sikukwambia hadi ulipoiona mwenyewe. Ningependa tukae sisi wawili nikueleze kila kitu, na nisikilize ulichonacho. Sitakuomba uamue lolote siku hiyo. Nitaleta taarifa ya benki na mawasiliano yote na msambazaji. Chagua siku na mahali panapokufaa."

Ahadi ya kutomlazimisha kuamua si adabu tu. Mtu aliyezungukwa mara moja huingia kikaoni akitafuta mtego, na kumwondolea mzigo wa kuamua kunampa nafasi ya kusikia. Pia mtumie nyaraka siku moja kabla, ili asizione kwa mara ya kwanza mbele yako. Yeye ndiye mwenye jicho la hesabu. Mpe muda azipekue.

Akikaa kimya, subiri wiki moja ndipo umkumbushe, mara moja tu. Wakati huo fanya kazi zako za kila siku kwa usahihi, na mpelekee taarifa za mauzo kabla hajaziuliza.

Hatua ya 4: Kiri

Hapa ndipo wengi huuma huku wanapuliza. "Samahani kama uliumia." "Nilikosea, ila na wewe ungekuwa unafikika nisingefanya vile." "Nilifanya kwa faida yetu sote." Kila moja ya sentensi hizo ina neno la radhi na haina kosa ndani yake.

Mwaka 2016 Roy Lewicki na wenzake walichapisha utafiti uliopima vipengele sita vya kuomba radhi: kuonyesha majuto, kueleza sababu, kukiri wajibu, kutangaza kubadilika, kujitolea kurekebisha, na kuomba msamaha. Kilichopewa uzito mkubwa kuliko vyote ni kukiri wajibu, kusema wazi kwamba kosa ni langu. Kilichofuata ni kujitolea kurekebisha. Cha mwisho kabisa, ambacho kingeweza hata kuachwa, ni kuomba msamaha. Wengi wetu hufanya kinyume chake: tunabembeleza tusamehewe, kosa tunaligusa kwa mbali, na fidia tunaiacha hewani.

Kwa kisa chetu, kukiri kunaweza kwenda hivi:

"Nililipa amana ile peke yangu. Sikukuuliza kwa sababu nilijua ungekataa, na hilo ndilo linalonionyesha kwamba nilikuwa najua si haki yangu kuamua. Siku zote zilizofuata nilikuwa na nafasi ya kukwambia, sikukwambia. Uliponiuliza kuhusu mishahara nikasema iko sawa, nilikudanganya. Nilijua akaunti imepungua. Wewe ndiye uliyesimama mbele ya wafanyakazi bila fedha na bila maelezo, na mimi ndiye niliyekuweka pale. Halafu nikakufungia mfumo. Hayo yote ni yangu."

Angalia kilichomo na kisichomo. Sababu imetajwa mara moja, na imetajwa ile inayomwelemea msemaji badala ya ile inayompa nafuu. Punguzo halimo. Athari imetajwa kwa picha ambayo mwenzake anaikumbuka, kusimama mbele ya watu, na siyo kwa maneno ya jumla kama "usumbufu uliojitokeza". Maelezo yote hayazidi dakika mbili. Ukipita hapo utaanza kujieleza, nayo sauti ya kujieleza mtu huitambua hata akiwa amefumba macho.

Kuna sehemu ya kukiri ambayo husahaulika karibu kila mara: wafanyakazi. Wao walicheleweshewa mishahara, na wanachokijua mpaka leo ni kwamba mshika hesabu hakuwa na fedha. Jitolee kuwaambia mwenyewe, naye akiwepo kama akipenda: "Mishahara ilichelewa kwa sababu nilitumia fedha bila kumwambia mwenzangu. Kosa halikuwa lake." Mwulize kwanza kama anataka hivyo, kwa kuwa wengine hawapendi mambo ya wakubwa yafike kwa wafanyakazi kwa mara ya pili. Akikubali, fanya ndani ya siku mbili. Na usishangae kama ni baada ya hapo ndipo mwenyewe atakapotafuta namna ya kulirudisha lile neno "mwizi". Usimwombe alirudishe.

Hatua ya 5: Nyamaza, usikilize

Ukimaliza, uliza swali moja: "Kuna nini ambacho sijakitaja?" Kisha shika kalamu.

Atataja ya zamani. Atakukumbusha mteja uliyempa mkopo wa bidhaa mwaka juzi, na ile safari uliyoirefusha. Hapo moyo utakwenda mbio, na utatamani kusema kwamba hayo yalishaisha. Yaandike tu. Si lazima ukubali kila kitu, ukisikia jambo ambalo hulikubali, sema, "Hili naliandika, nitaliangalia kwenye kumbukumbu kabla sijalijibu." Halafu kweli uliangalie. Mwishoni msomee ulichoandika na umwulize kama umemsikia sawasawa. Mara nyingi atasahihisha kitu kimoja, na katika kusahihisha huko ndiko atakakosema jambo lililokuwa chini ya yote. Kwa mshika hesabu wa kisa chetu, huenda likawa hili: "Mimi siogopi hasara. Naogopa kuwa wa mwisho kujua."

Ukitaka kujua hali ikoje, sikiliza maswali yake. Akikuuliza mambo ya undani, kwamba msambazaji alipiga saa ngapi, ankara iko wapi, ulitumia simu gani kulipa, ni dalili njema hata kama sauti yake ni kali. Anakagua kama bado kuna kitu cha kujenga juu yake. Ubaya uko pale anaposema haraka, "Basi, yameisha, tuendelee." Hajasamehe huyo. Ameshaanza kuondoka kichwani, na usipomrudisha polepole utaipata habari yake kwa barua.

Siku hiyo usitoe mapendekezo isipokuwa akuombe. Pangeni siku nyingine ndani ya wiki.

Hatua ya 6: Pendekeza njia ya mbele

Pendekezo liwe ukurasa mmoja, na likubane wewe kabla ya kumbana yeye. Hiki ndicho kipimo ninachokitumia kusoma mapendekezo ya namna hii: nikiona masharti manne ya kwanza yanagawanywa sawa kwa wote, najua mwandishi bado anajihesabu kama mmoja wa wakosewa.

Anza na pengo. Zile sehemu 38 hazikuingia mfukoni mwako, zimekaa kwenye mzigo, kwa hiyo si deni la kumlipa mwenzako. Pendekeza mambo mawili. Mauzo ya mzigo huo yakianza, fedha za kwanza zirudi kwenye akaunti mpaka zile 38 zitimie, kabla hazijagusa kitu kingine. Na mpaka zitakapotimia, wewe huchukui fedha yako ya kila mwezi. Tuseme kila mmoja wenu huchukua sehemu 6 kwa mwezi. Kwa kuacha za kwako pekee pengo lingejaa kwa miezi sita na kitu, na mzigo ukiuzika litajaa mapema zaidi. Gharama zilizozaliwa na kuchelewa, kama riba ya mkopo wa dharura wa mishahara, uzibebe mwenyewe. Andika bayana kama zile sehemu 6 za kila mwezi umezisamehe au zimeahirishwa tu na utazidai baadaye. Nimeona wabia wakipatana vizuri kisha wakagombana upya baada ya mwaka, kwa sababu mmoja alidhani ni zawadi na mwingine aliziweka kwenye hesabu ya madai yake.

Linafuata suala la idhini. Pendekeza kwamba malipo yote yanayozidi kiwango fulani yahitaji saini mbili. Kiwango hicho msikibuni. Chukueni malipo ya miezi sita iliyopita, yapangeni kutoka dogo hadi kubwa, na wekeni mstari pale ambapo takribani malipo tisa katika kila kumi yanabaki chini yake. Mkiuweka chini sana, mtakuwa mnasumbuana kwa kila karatasi ya ofisini na baada ya mwezi mtauzoea kuuruka. Mkiuweka juu sana, haulindi kitu. Kisha ongezeni mambo mawili ambayo bila hayo kiwango ni pambo. Malipo kwa msambazaji mmoja ndani ya mwezi yajumlishwe pamoja, ili mtu asikate malipo makubwa vipande vipande. Na mwenzako asipojibu ombi la idhini, ukimya wake uhesabiwe ni hapana.

Kwa kipindi cha matazamio, pendekeza kiwango chako kiwe nusu ya chake. Inauma kidogo, ndiyo maana ina thamani. Lakini iwe na tarehe ya mwisho, tuseme miezi sita. Adhabu isiyo na mwisho itakuchosha, nawe ukichoka utaanza kuficha tena.

Tatu ni kuonekana kwa mambo, na hapa ndipo ugonjwa wenyewe unapotibiwa, kwani kosa lilikuwa kunyamaza. Omba benki itume taarifa ya kila muamala kwenye simu zote mbili. Kila wiki kaeni nusu saa, taarifa ya benki upande huu na kitabu cha hesabu upande ule, na mlinganishe mstari kwa mstari. Oda zote zilizo wazi, hata ambazo hazijalipiwa, ziwe kwenye orodha moja ambayo yeye anaweza kuifungua bila kukuuliza. Orodha hiyo ndiyo jibu la ile hofu ya usiku: ni nini kingine kimesainiwa.

Na siku msambazaji atakapopiga tena na punguzo linaloisha leo? Lijibuni hilo sasa, mkiwa mmetulia. Kwa mfano: ofa ya haraka inapelekwa kwa mwenzako kwa simu na kwa maandishi, naye anaahidi kujibu ndani ya saa nne za kazi, jibu lisipopatikana, ofa inapita. Kubali kwamba mtapoteza ofa moja au mbili nzuri.

Ona kwamba hapo umeshamwomba kitu, kujibu ndani ya saa nne. Sasa ndipo yale ya kwenye karatasi uliyoiacha nyumbani yanapoweza kuingia, yakiwa maombi na siyo mashtaka. Chagua moja tu: "Ningeomba tukiwa na la kulaumiana tulizungumze ofisini, mlango umefungwa." Hahitaji kuambiwa unazungumzia siku gani.

Jambo moja usiliandike: "Haitatokea tena." Huwezi kulithibitisha, naye hawezi kulikagua. Kila mstari wa pendekezo uwe kitu ambacho mtu mwingine akisoma baada ya mwezi anaweza kusema kimefanyika au hakikufanyika.

Hatua ya 7: Yaandikeni, na mwende benki

Mkikubaliana, kila mmoja abaki na nakala iliyosainiwa na yenye tarehe. Someni mkataba wenu wa ubia. Kama una kifungu kinachosema mabadiliko yafanywe kwa namna fulani, fuateni namna hiyo. Kama hamkuwahi kuwa na mkataba wa maandishi, na wabia wa namna hiyo ni wengi, huu ni wakati wake.

Kisha mwende benki wote wawili. Benki haifuati karatasi mliyosaini mezani kwenu. Inafuata maelekezo ya watia saini yaliyo kwenye jalada lake. Yakibaki yanasema saini moja inatosha, makubaliano yenu yote ya idhini yanategemea nia yako njema, na hiyo ndiyo iliyokwisha. Badilisheni maelekezo hayo pamoja na viwango vya malipo ya mtandaoni siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Miezi ya kukaguliwa

Wiki za mwanzo atakukagua kuliko mlivyoandikiana. Atapiga kwa msambazaji kuuliza, atafungua orodha ya oda usiku. Mwache, na usitanie kuhusu hilo. Kinachotakiwa kuonekana ni kwamba baada ya muda ukaguzi unapungua wenyewe: kikao cha nusu saa kinageuka dakika kumi na tano, anaidhinisha bila kuuliza maswali matatu, anaanza tena kukupigia kukuuliza maoni juu ya mambo yake. Hilo la mwisho ndilo ninaloliamini zaidi, kwa sababu halimo kwenye makubaliano.

Mwezi wa tatu kaeni mwangalie kiwango na saa za kujibu kama vinafanya kazi. Mwezi wa sita amueni kama viwango vyenu vilingane. Yeye ndiye wa kulileta jambo hilo mezani. Wewe kazi yako ni kuhakikisha tarehe iko kwenye kalenda.

Utateleza mahali, kwa mfano utathibitisha oda kwa mdomo kabla ya idhini. Mwambie siku hiyohiyo, kabla ya jua kuzama, hata kama umeshaifuta na haina madhara: "Leo saa nne nilimkubalia msambazaji kabla ya kukuuliza. Nimemrudia nimemwambia asubiri. Naomba uamuzi wako." Kosa dogo lililosemwa na mkosaji siku ya kwanza humjenga kuliko mwezi mzima usio na kosa, maana ndilo jaribio hasa la kile kilichovunjika.

Dalili za kwamba imani haipandi nazo zipo. Vikao vya wiki vinaahirishwa mara kwa mara na hakuna anayelalamika. Kila mmoja ana wafanyakazi wake. Yeye bado anarudia hesabu zako mwezi wa tano kama alivyofanya wiki ya kwanza, ingawa hajakuta tofauti hata moja. Hapo mtafuteni msuluhishi ambaye wote mmemchagua na wote mnamlipa, mtu asiyekuwa na haki ya kuamua ila kazi ya kuwaongoza mzungumze. Mweleze tangu mwanzo kama mnatafuta kuendelea au kuachana salama, kwa maana ni kazi mbili tofauti.

Na kwa kuwa kuachana nako kunawezekana, kubalianeni mapema jinsi thamani ya biashara itakavyopatikana, wakati bado hakuna anayejua nani atanunua na nani atauza. Njia moja nyepesi kwa wabia wa nusu kwa nusu ni hii: mmoja anataja bei ya nusu, na mwingine anachagua kununua kwa bei hiyo au kuuza kwa bei hiyo. Anayetaja hana sababu ya kupunja, kwani hajui atakuwa upande gani. Ina kasoro moja kubwa: mwenye fedha mkononi ana nguvu kuliko asiye nazo, na anaweza kutaja bei ndogo akijua mwenzake hawezi kununua. Kama mmoja wenu yuko hivyo, andikeni kwamba mthamini wa nje ndiye atakayetaja bei, na kwamba anayenunua anaweza kulipa kwa awamu ndani ya miezi mtakayoitaja humo.